Mashine inasoma 37.50, mayai yako kwenye 38.4: kisa cha desimali mbili zilizoniponza

Nataka nieleze kisa kimoja mwanzo hadi mwisho kwa sababu naona mafundi wenzangu bado wanarudia kosa lilelile, na wateja nao wanalilipia bila kujua. Mimi natengeneza na kurekebisha mashine za kutotolesha vifaranga hapa Morogoro, hasa upande wa umeme, kontrola, feni, hita, sensa na vitu kama hivyo. Kosa ni langu, hasara ilimpata mama mmoja mfugaji ambaye aliniamini, kwa hiyo naandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Mashine yenyewe ni sanduku la mbao la trei sita, mayai 180, ina feni ndani kwa hiyo joto lengwa ni 37.5. Wafugaji wengi wa mashine za feni wanakaa kati ya 37.2 na 37.8 na mambo yanaenda, kifaranga wa kuku anatoka siku ya 21. Mama alikuwa anaitumia miaka kadhaa na kontrola ya zamani yenye taa nyekundu za namba, desimali moja tu, inaandika 37.5 basi. Pembeni juu ya trei ya kati kulikuwa kunaning'inia kipimajoto cha kioo, kile cha maji mekundu, mistari yake inaruka digrii moja moja. Yaani unaweza kusoma 37, unaweza kusoma 38, katikati unakadiria kwa jicho. Kwa vifaa hivyo viwili alikuwa anatoa vifaranga 120 na zaidi kwenye mayai kama 150 yenye mbegu.

Kontrola ya zamani ikafa, rilei, yaani swichi ya kuwasha na kuzima hita, iliganda, hita ikawa haizimi. Akanipigia, nikaenda, nikamwambia mama hii usinunue nyingine kama hiyo, mimi nakutengenezea ya kisasa. Nikachukua bodi ya Arduino, kompyuta ndogo unayoiandikia programu mwenyewe, sensa ya DS18B20 ile ya bomba la chuma yenye waya mrefu, na skrini ndogo ya mistari miwili yenye mwanga wa bluu. Nikaiandikia programu ionyeshe desimali mbili. Ilipowaka ikasoma 37.50 nilijisikia vizuri kwa kweli, namba ilikuwa inapendeza.

Sasa hapa ndipo pa kusikitisha. Siku ya tatu mama akanipigia, "Mwanangu, hii mashine yako inasema thelathini na saba na nusu, ila kipimajoto changu cha kioo kinaonyesha thelathini na nane imepita kidogo, nifuate kipi?" Nikamjibu bila kufikiri hata dakika moja, "Mama, fuata ya kwenye skrini, hicho cha kioo hakina hata desimali, hii inapima mpaka sehemu ya mia." Akanisikiliza. Akakitoa kabisa kile cha kioo akakiweka kabatini kisimchanganye.

Siku ya 7 alipima mayai kwa tochi, 158 yakawa na mbegu, vizuri tu. Siku ya 18 jioni alipaswa kuyatoa kwenye trei za kugeuza ayalaze, akakuta mawili tayari yameshadonolewa. Siku ya 19 usiku vifaranga vinatoka kwa wingi, siku mbili kabla ya wakati. Walitoka 83 kwa jumla, wadogo, manyoya yamegandamana, na 14 kati yao kitovu hakijafunga, unaona kabisa kidonda chekundu kwa chini, hao walikufa ndani ya siku tatu. Wakabaki 69. Yale 75 yasiyotoka tulipasua 20 pamoja naye nyuma ya nyumba, mengi yana kifaranga kamili aliyekufia ndani siku za mwisho.

Mtu aliyezoea mashine akisikia "wametoka mapema, vitovu vibichi" anajua mara moja kwamba joto lilikuwa juu. Joto likiwa chini wanachelewa, siku ya 22 hata 23, wanatoka wazito na wavivu. Hawa waliwahi, kwa hiyo mashine ilikuwa ya moto, na bado daftari la mama, anaandika asubuhi na jioni, limejaa 37.50, 37.44, 37.56, 37.50. Kurasa tatu za namba nzuri na nusu ya vifaranga wamekufa.

Ikabidi nikae chini nitafute.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwenye daftari lenyewe. Nimezipitia zile namba zote, hakuna sehemu hata moja ameandika 37.51 wala 37.53 wala 37.47. Ni 37.44, 37.50, 37.56 na ngazi nyingine za namna hiyo basi, zinarudi hizohizo. Mwanzo unaweza kufikiri mama anakadiria, ila hapana, aliandika alichokiona. Sensa ile ikiwekwa kwenye biti 12, yaani kipimo chake chenye ngazi ndogo kabisa, inapanda kwa ngazi, kila ngazi ni 0.0625 ya digrii. Kutoka 37.4375 inaruka hadi 37.5, kutoka hapo inaruka hadi 37.5625. Skrini inazungusha inaandika 37.44, 37.50, 37.56. Kwa hiyo hata ile desimali ya pili niliyomsifia mama haikuwa ya kweli, sensa yenyewe haina namba ya katikati ya kutoa, mimi ndiye niliyeiambia programu ichore tarakimu mbili na yenyewe ikachora.

Hiyo ni rezolusheni, yaani badiliko dogo kabisa ambalo kifaa kinaweza kukuonyesha. Usahihi ni swali jingine kabisa, kwamba hiyo namba iko mbali kiasi gani na joto halisi. Ukifungua karatasi ya kiwanda ya DS18B20 utakuta vimeandikwa tofauti, rezolusheni ni biti 9 mpaka 12 unachagua mwenyewe, ila usahihi ni jumlisha au toa 0.5 kuanzia digrii 10 chini ya sifuri hadi 85. Jumlisha au toa nusu digrii! Maana yake skrini ikisema 37.50, kiwanda kinakuahidi tu kwamba joto liko mahali fulani kati ya 37.0 na 38.0. Kwa friji ya soda hiyo haina shida. Kwa yai, kati ya 37.0 na 38.0 ndimo mlimo vifaranga wa kuchelewa, wa wakati na wa kuwahi, wote wamo humo ndani.

Na ukitaka kuliona hili kwa macho fanya nilichofanya mimi mezani. Sensa ileile, sehemu ileile, niliiweka kwenye biti 9 ikawa inaruka kwa nusu nusu, 37.0, 37.5, 38.0. Nikairudisha biti 12 ikawa inaruka kwa 0.0625. Kilichobadilika ni namba moja kwenye programu, na muda wa kupima uliongezeka kutoka kama milisekunde 94 hadi 750. Silikoni ni ileile, kosa lake la kiwandani ni lilelile. Kama ilikuwa inasoma chini kwa 0.4, itaendelea kusoma chini kwa 0.4 ila sasa itakuambia hivyo kwa tarakimu nne.

Kuna kituko kingine cha sensa hii, ikipata umeme sasa hivi kabla haijapima chochote inatoa 85.00, na waya ukikatika ile programu ya kuisoma inatoa -127.00. Desimali mbili safi kabisa, na hakuna kilichopimwa. Mama alishawahi kuiona hiyo 85.00 umeme uliporudi akashtuka akafungua mlango wa mashine saa nane usiku.

Haya, karatasi ya kiwanda inasema kosa linaweza kuwa hadi nusu digrii, lakini kwenye mashine hii lilikuwa kiasi gani hasa? Hapo inabidi upate kitu cha kulinganisha nacho, na watu wengi wanakwama hapa wakidhani lazima uwe na maabara.

Jirani yangu fundi aliniambia pima kwa barafu, maji ya barafu iliyosagwa ni sifuri, ukiona sifuri sensa ni nzima. Nilipima, nikapata -0.06. Ukiishia hapo unasema sensa ni safi sana, unarudi nyumbani. Lakini mayai hayakai kwenye sifuri! Sensa inaweza kuwa sawa kwenye sifuri na ikapinda kadri joto linavyopanda, kwa hiyo kipimo cha barafu kinakuambia habari za sifuri tu. Mwingine akasema chemsha maji, 100. Hapana, hiyo ni ya usawa wa bahari, ukipanda kila mita 300 hivi inashuka kama digrii moja, Arusha mjini maji yanachemka kwenye 95 na kitu, Morogoro tuko chini zaidi ila bado si 100, na hata ukijua namba kamili bado uko mbali na 37.5. Ukitaka kujua ukweli wa 37.5 pima hapohapo kwenye 37.5.

Na bahati nzuri hiyo ndiyo sehemu pekee ya joto ambayo kila duka la dawa linauza kifaa kizuri kwa bei ya kawaida. Kipimajoto cha homa cha dijito, kile cha kuweka kwapani. Vingi vimeandikwa kwenye karatasi yao usahihi wa 0.1 kuanzia kama 35.5 hadi 42. Kinaonyesha desimali moja tu. Yaani kifaa chenye tarakimu tatu kilikuwa na ahadi bora mara tano kuliko changu chenye tarakimu nne, kwa sababu kimetengenezwa kwa kazi ya joto la mwili tu. Ila usitumie kile cha bunduki cha kupiga kwenye paji la uso, kile kikiwa kwenye hali ya mwili kinaongeza hesabu yake ya kubadilisha joto la ngozi kuwa joto la ndani, na kwenye maji au ganda la yai kitakupotosha.

Nilinunua vitatu, maduka matatu tofauti, ili kimoja kikiwa kibovu nikijue. Nikachukua chupa ya chai nikaweka maji ya uvuguvugu kidogo juu ya 38, nikaingiza sensa ya mashine, pamoja nayo sensa ya pili niliyokuwa nayo kwenye pakiti ileile, na kile kipimajoto cha kioo nilimwomba mama akitoe kabatini. Nikakoroga taratibu, nikasubiri dakika tano. Kisha nikatumbukiza ncha za vile vitatu kwa wakati mmoja, vikilia nasoma zote. Kitu cha kuangalia, kipimajoto cha homa kinashikilia namba ya juu kabisa kilichofika, hakishuki maji yakipoa, kwa hiyo kila raundi unakizima unakiwasha upya, ukisahau utalinganisha namba ya zamani na maji ya sasa.

Raundi ya kwanza vile vitatu vilisema 37.9, 37.9 na 38.0. Sensa ya mashine ilisema 37.50. Sensa ya pili 37.75. Kipimajoto cha kioo kilikuwa kwenye 38, labda unywele mmoja chini.

Niliitazama ile meza nikanyamaza. Sensa mbili za pakiti moja, jina moja, chupa moja ya maji, moja inasema 37.50 nyingine 37.75, kila moja inakuonyesha sehemu ya mia kwa kujiamini, na zote ziko chini ya ukweli. Na kile cha kioo, chenye mistari ya digrii moja moja, nilichomwambia mama akitoe, ndicho kilichokuwa karibu zaidi na ukweli kuliko zote mbili.

Nilirudia raundi nne maji yakiwa yanapoa kuelekea 37, tofauti ikabaki ileile, sensa ya mashine chini kwa 0.4 hivi, ile ya pili chini kwa 0.15. Tena hizo zote ziko ndani ya ahadi ya nusu digrii, huwezi hata kurudi dukani kulalamika. Ingawa niseme pia, sensa za bei rahisi zenye jina hilo zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa nyingi si za kiwanda chenyewe, ni kopi, na kopi haina hata hiyo ahadi.

Kwa hiyo skrini ikisema 37.50 hewa iliyogusa sensa ilikuwa 37.9. Lakini hata 37.9 haitoshi kuleta uharibifu ule, kuwahi siku mbili. Nikaendelea kuchimba, nikarudi kwenye sanduku.

Sensa niliipitisha kwenye tundu la waya karibu na tundu la hewa safi, kwa sababu ndiko ilikokuwa rahisi kupita. Hewa ya nje inaingia pale, kwa hiyo sensa ilikuwa inakaa sehemu yenye ubaridi kidogo kuliko kwenye mayai, na kontrola inachojua ni sensa tu, inawasha hita mpaka pale penye ubaridi pafike 37.5, mayai yanapata zaidi. Nilichukua ile sensa ya pili, ambayo sasa najua kosa lake, nikailaza katikati ya trei ya kati bila kugusa ile inayoendesha mashine. Nikafunga nikasubiri saa nzima. Sensa ya mashine inasoma 37.50 palepale tundu la hewa, ya kwenye trei inasoma 38.19. Ongeza 0.15 yake unapata kama 38.3. Yaani nikitoa makosa ya sensa zote mbili, mayai yalikuwa moto kuliko tundu la hewa kwa 0.4 nyingine. Kosa hili la pili hata sensa ya dhahabu isingelisaidia, kwa sababu sensa inapima pale ilipo, haipimi unapotaka wewe.

Na la tatu lilitoka kwenye skrini, na hili nimelifikiria sana maana halihusu umeme, linahusu jicho la mtu. Mama ana miaka zaidi ya 60, usiku anaamka kuangalia mashine bila miwani. Skrini ile ya bluu herufi zake ni kama nusu sentimita, ukisimama wima ukaiangalia kwa juu inafifia. Ile kontrola ya zamani namba zake nyekundu alikuwa anazisoma akiwa mlangoni. Hii mpya lazima ainame, asogee, na akishasogea anaona 37.44. Namba mbili za mwisho zinachezacheza muda wote kwa sababu hita inawaka na kuzima, hiyo ni kawaida ya mashine, ila ukimwonyesha mtu namba inayocheza atadhani anatakiwa aifanyie kitu. Siku ya 6 kwenye daftari pembeni ameandika "imeshuka nimeongeza". Aliona 37.44 mara tatu mfululizo akapandisha lengo hadi 37.60. Hakuna kilichoshuka. Ilikuwa ngazi moja ya sensa, 0.0625, kitu ambacho yai haliwezi hata kukijua kwa sababu lenyewe ndani linapoa na kupata joto taratibu sana. Ile kontrola ya zamani ingeandika 37.4 au 37.5 akarudi kulala.

Ukijumlisha, 0.4 ya sensa, 0.4 ya mahali, 0.1 ya kuhangaika na desimali ya mwisho, tunafika 38.4 kwenye mayai wakati wote tunaamini ni 37.5. Na hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyokuwa inaonekana kwenye skrini.

Sasa kuna watu watachukua hiki kisa waseme desimali nyingi ni upuuzi, toa zote. Sikubaliani. Hizo ngazi ndogo zina kazi yake pale sensa inapojilinganisha na yenyewe. Nilipotaka kujua dakika ngapi joto linashuka mlango ukifunguliwa, au kama feni imepungua nguvu, ngazi za 0.0625 zilinisaidia sana, kwa sababu kosa la 0.4 liko palepale mwanzo na mwisho, ukitoa moja kwa nyingine linajifuta. Kontrola nayo ndani inafanya kazi vizuri zaidi ikiona mabadiliko madogo mapema, inazima hita kabla joto halijapitiliza. Kwa hiyo programu nimeiacha ipime kwa biti 12, ila inachomwonyesha mama ni desimali moja, na marekebisho yameingizwa kabla ya kuonyesha:

```
sensors.setResolution(12);
sensors.requestTemperatures();
float t = sensors.getTempCByIndex(0) + 0.4;
lcd.print(t, 1);
```

Hiyo + 0.4 ni ya sensa hii moja tu, si ya aina nzima. Ukinakili ukaibandika kwenye mashine yako utaharibu, ya kwako inaweza kuhitaji 0.15 au hata kutoa badala ya kujumlisha. Na inafaa karibu na 37 na 38 tu nilikopima, kwenye barafu sensa hiihii ilikuwa sawa, kwa hiyo ukiitumia huko na hiyo nyongeza itakudanganya upande wa pili.

Nikaulizwa pia kwa nini isiwe desimali mbili sasa maana nimeshairekebisha. Kwa sababu nimeirekebisha kwa vifaa vyenye usahihi wa 0.1, siwezi kupata ukweli mzuri kuliko kile nilicholinganisha nacho. Ukiweka na mchezo wa maji kupoa na mimi kusoma kwa jicho, nathubutu kusema mashine hii inasoma kweli ndani ya 0.2 hivi kwenye joto la mayai. Hata hiyo desimali moja tayari ina kautata ndani yake, ya pili ingekuwa mapambo.

Kazi nyingine niliyofanya nilirefusha waya, sensa sasa iko usawa wa trei ya kati, haigusi ganda lakini iko karibu, mbali na tundu la hewa na mbali na hita. Ile skrini ya bluu niliitoa, nikaweka namba nyekundu kubwa zinazosomeka kutoka mlangoni kama alivyozoea, nukta yake nikahakikisha inawaka vizuri. Na vitufe vya kubadilisha lengo nilivihamishia ndani ya sanduku la kontrola, lazima ufungue skrubu mbili. Mama alicheka akasema nimemfungia, nikamwambia mama lengo likishawekwa usiliguse mpaka siku ya 18, ukiona namba inacheza kati ya 37.4 na 37.6 hiyo ndiyo kazi yake.

Kipimajoto cha kioo kimerudi mahali pake kuning'inia. Nimemchorea kwa kalamu ya wino mzito alama ndogo mahali maji mekundu yanapofika mashine ikiwa sawa, maana kukadiria katikati ya mistari miwili kunategemea na jicho liko juu au chini, ila kuangalia kama maji yamefika kwenye alama ni rahisi, unaweka jicho usawa na alama basi. Kazi yake ni moja, kama skrini inasema 37.5 na maji yamepita alama kwa upana wa kalamu, anipigie kabla ya kuamini yeyote kati yao. Na kila anapoanza mayai mapya tunarudia chupa ya chai na vipimajoto vya homa, ni kazi ya nusu saa, kwa sababu sensa nazo zinahama taratibu na waya unaingia unyevu.

Mayai yaliyofuata sikumtoza chochote, na trei moja nilinunua mimi. Aliingiza 180, siku ya 7 yakabaki 154 yenye mbegu. Siku ya 18 jioni aliyalaza, hakuna lililodonolewa. Siku ya 19 akanipigia mchana kuuliza mbona kimya, siku ya 20 jioni akanipigia tena, safari hii ameweka simu karibu na sanduku nisikie wanavyolia ndani ya maganda. Siku ya 21 saa sita mchana tulihesabu 127, nikawageuza mmoja mmoja kuangalia vitovu, vimefunga. Kwenye daftari lake safu nzima imeandikwa 37.5 isipokuwa asubuhi nne ameandika 37.4, na pembeni ya zote nne hajaandika neno.